Juu ya nini linki ya chini ya video haifunguki, na fasi gani inaruhusiwa

Chukua mfano huu, ambao mtu yeyote wa Kindu anaweza kuujua. Mama mmoja wa komini ya Kasuku anaongoza kikundi cha kushona. Anapata nafasi za mafunzo kwa vijana 20, na anatengeneza fomu ya kujiandikisha kwenye intaneti. Anachukua simu, anaisimamisha wima kama watu wengi wanavyofanya, anajirekodi dakika moja na sekunde 40, kisha anaiweka video kwenye YouTube. Ndani ya video anasema: «Linki ya fomu iko hapa chini.» Na kweli iko hapo chini. Ameikopi vizuri, herufi kwa herufi.

Jioni simu inaanza kulia. Kijana wa Alunguli, ngambo ya mto, anamwandikia: «Yaya, niko nafinya linki lakini haiko nafunguka.» Mwingine anauliza kama mafunzo yamefutwa. Kisha kwenye komanteri anatokea mtu asiyejulikana, anaandika kwamba linki imeharibika, na kwamba anayetaka nafasi amtumie ujumbe WhatsApp kwenye namba fulani na alipe kwanza 10,000 FC za fomu. Fomu ya kweli ni ya bure. Mpaka mama huyo agundue, watu wawili wamekwisha kulipa.

Simu ya mama haikuwa na kasoro, hata mtandao wa Kindu siku ile haukuwa na shida. Linki haikufunguka kwa sababu YouTube yenyewe imeamua kwamba fasi ile linki isifunguke. Uamuzi huo una tarehe, una sababu, na una njia ya kuuzunguka bila kuvunja sheria.

Maandishi na mlango

Linki kwa asili yake ni maandishi tu: anwani ya ukurasa fulani kwenye intaneti. Ili maandishi hayo yageuke mlango wa kufinya, ni lazima aplikasyo unayotumia ikubali kuyageuza. YouTube, TikTok, Facebook na WhatsApp, kila moja inaamua yenyewe ni fasi gani itageuza maandishi kuwa mlango, na ni fasi gani itayaacha yabaki maandishi.

Ndiyo maana linki ileile inaweza kufunguka kwenye WhatsApp na kukataa kwenye TikTok. Dalili ya kwanza ya kuangalia ni rangi. Kwenye YouTube, linki iliyo hai inaonekana kwa rangi ya bulu. Ikiwa ina rangi moja na maneno mengine yanayoizunguka, basi hakuna mlango pale, na kufinya mara kumi hakutabadilisha kitu. Ikiwa ni ya bulu lakini ukurasa haufunguki, shida iko fasi nyingine: kwenye anwani yenyewe, kwenye ruhusa ya ukurasa, ao kwenye forfe ya simu. Kutenganisha mambo hayo mawili mapema kunaokoa muda mwingi.

YouTube: video fupi zilifungiwa linki tangu 2023

Tarehe 10 Agosti 2023 YouTube ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 ya mwezi uleule, linki zilizo kwenye komanteri za video fupi zinazoitwa Shorts, kwenye maelezo ya Shorts, na kwenye matangazo ya moja kwa moja ya wima, hazitafinyika tena. Sababu iliyotolewa ni matapeli: walikuwa wanatumia video fupi kusambaza linki za wizi na za kudanganya watu, na kuzichuja moja moja kulikuwa kugumu. Basi YouTube ilifunga mlango kwa wote, wema na wabaya pamoja.

Wakati ule Short ilikuwa video isiyozidi sekunde 60. Mtu aliyetengeneza video ya dakika moja na nusu hakuguswa. Lakini tangu 15 Oktoba 2024 kipimo kimebadilika: video yoyote ya wima ao ya mraba, isiyozidi dakika 3, inayowekwa kuanzia siku hiyo, YouTube inaihesabu kuwa Short. Zile za zamani zilizopita dakika moja zilibaki kama zilivyokuwa.

Hapo ndipo yule mama wa Kasuku aliponaswa. Video yake ni ya wima na ina dakika moja na sekunde 40. Kabla ya Oktoba 2024 ingekuwa video ya kawaida. Leo ni Short, hata kama yeye hakuchagua neno hilo fasi yoyote. Hakuna kibuto alichofinya vibaya. Ni umbo la picha na urefu wake tu vilivyoamua.

Kuna njia rahisi ya kujua video yako imehesabiwa namna gani. Fungua video kwenye simu, finya Partager, kisha kopi linki yake na uibandike kwenye ujumbe ili uisome. Ikiwa ina neno shorts, ni Short. Ikiwa inaanza na youtu.be, ni video ya kawaida:

```
https://youtube.com/shorts/...
https://youtu.be/...
```

Ukiisha kuiweka, Short haigeuzwi kuwa video ya kawaida. Kubadilisha jina ao maelezo hakusaidii. Dawa ni kuiweka upya, ama ikiwa na picha ya kulala, ama ikiwa imepita dakika 3. Aliyerekodi wima si lazima arudie kazi yote: aplikasyo nyingi za kukata video zinaruhusu kuchagua umbo la 16:9, na picha ya wima inakaa katikati huku pembeni pakiwa peusi. Haipendezi sana kwa macho, lakini YouTube itaihesabu kuwa video ya kawaida hata kama ina dakika moja tu.

Hata ndani ya Short kuna milango michache iliyoachwa wazi. Jina la shene linaloanza na alama ya @ linafinyika, na hashtag pia inafinyika. Tena mwenye shene anaweza kuambatanisha na Short yake video nyingine ya YouTube, ambayo mtazamaji anaifikia kwa kufinya mara moja. Hiyo ndiyo njia ambayo YouTube ilitoa badala ya linki: inampeleka mtu kwenye video nyingine ya YouTube, lakini haimtoi nje.

Kufuli la pili: shene mpya

Kuna watu wanaoweka video ya kulala, ya dakika 10, na bado linki ya kwenda nje ya YouTube inabaki maandishi. Hapa sababu ni shene yenyewe. YouTube inagawa uwezo wa shene katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza kila mtu anayo. Ya pili inapatikana kwa kuthibitisha namba ya simu, na inaruhusu kwa mfano kuweka video inayopita dakika 15. Ya tatu, inayoandikwa Fonctionnalités avancées kwenye simu ya Kifaransa, ndiyo inayoruhusu linki za nje zifinyike kwenye maelezo ya video.

Ili kuangalia shene yako iko ngazi gani, fungua anwani hii ukiwa umeingia kwenye akonti yako:

```
https://www.youtube.com/features
```

Ngazi ya tatu inafikiwa kwa njia moja kati ya tatu. Unaweza kuonyesha kitambulisho halali, ao kujirekodi uso kwa muda mfupi kama YouTube inavyoelekeza, ao kuacha shene ijijengee historia nzuri kwa kuitumia bila kuvunja sheria. Njia hiyo ya mwisho kwa kawaida inachukua hadi miezi miwili. Kikundi kinachofungua shene wiki moja kabla ya tangazo lake kitakuta mlango umefungwa. Afadhali shene ifunguliwe na kuthibitishwa mapema, siku ambapo hakuna haraka.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kufuli hizi mbili hazisaidiani. Shene iliyofika ngazi ya tatu bado haiwezi kuweka linki ya kufinya kwenye maelezo ya Short. Na video ya kulala kwenye shene mpya bado itaonyesha linki ya nje kama maandishi matupu. Ni lazima yote mawili yawe sawa.

Komanteri: linki inayoonekana na wewe peke yako

Kwenye video ya kawaida, linki iliyoandikwa kwenye komanteri inaweza kufinyika. Lakini mara nyingi komanteri yenyewe haionekani. Mtu anaandika, anaiona kwenye simu yake, anafikiri imepita. Wengine hawaioni.

Kinachotokea ni hiki. YouTube inachuja komanteri, na yenye linki inatiliwa mashaka haraka kuliko nyingine. Tena mwenye shene anaweza, kwenye mipangilio ya YouTube Studio, kuamuru kwamba kila komanteri yenye linki izuiliwe kwanza mpaka aikague. Komanteri hizo zinasubiri ndani ya Studio, kwenye sehemu ya Commentaires, na mwenye shene asiyeingia huko hatajua kwamba zipo. Video ambazo zimetajwa kuwa za watoto hazina komanteri kabisa.

Njia ya kupima ni kutumia simu ya mtu mwingine, ao kufungua video kwenye dirisha la siri la navigeta bila kuingia kwenye akonti. Ukiona komanteri yako, imepita. Usipoiona, imezuiliwa, na kuiandika tena mara tano kutaongeza mashaka tu.

Mwenye shene ana fasi bora kuliko wageni. Yeye anaweza kuandika komanteri yake mwenyewe chini ya video ya kawaida, kuweka linki, kisha kuifunga juu kabisa ili ionekane kabla ya zote. Kwa mtazamaji wa simu fasi hiyo inaonekana vizuri kuliko maelezo, ambayo ni lazima afinye ili yajitandaze. Lakini kuifunga juu kwenye Short hakugeuzi linki kuwa mlango.

Linki iliyoandikwa vibaya

Tuseme video ni ya kawaida na shene imethibitishwa. Bado kuna namna ya kuharibu linki kwa mkono. Anwani inatakiwa ianze na https:// na iendelee bila nafasi hata moja mpaka mwisho. Nyuma yake iachwe nafasi, ama ufunguliwe mstari mpya. Nukta ao mabano yakigandamana nayo, mara nyingine aplikasyo inafikiri ni sehemu ya anwani, na ukurasa unajibu kwamba haupo.

```
Sawa:    https://www.example.com/mafunzo
Mbaya:   https:// www.example.com/mafunzo
Mbaya:   (https://www.example.com/mafunzo).
Mbaya:   https://www.example.com/mafu...
```

Mfano wa mwisho unasumbua wengi. Linki ikiwa ndefu, YouTube inaonyesha mwanzo wake tu na kuweka nukta tatu. Linki ya kweli imefichwa nyuma, mzima kabisa. Lakini mtu anayeichapa upya kama anavyoiona, ama anayeinakili kwenye karatasi na kumpelekea jirani, anapeleka anwani iliyokatwa. Dawa ni kufinya linki kwa muda mrefu na kuchagua kukopi, si kuiandika kwa macho.

Jambo la mwisho ni herufi kubwa na ndogo. Jina la tovuti halijali ukubwa wa herufi, lakini kinachofuata mstari wa mshazari mara nyingi kinajali. Namba ya video ya YouTube, kwa mfano, ina alama 11, na ndani yake herufi a ndogo na A kubwa ni vitu viwili. Linki za kufupishwa za bit.ly na za fomu za Google ziko vilevile. Tena kwenye maandishi ya simu, herufi l ndogo na I kubwa zinafanana sana, sawa na sifuri na O.

Kwa redio hilo lina uzito wake. Mtangazaji akisoma linki ya kufupishwa hewani, «ka kubwa, zedi ndogo, tisa», hakuna msikilizaji atakayeishika. Bit.ly na TinyURL zinaruhusu kuchagua maneno ya mwisho wewe mwenyewe. Neno moja fupi la Kiswahili, lote kwa herufi ndogo, bila alama, linasemeka mara mbili hewani na linaandikwa kwenye karatasi bila kosa.

Mlango umefunguka, lakini nyumba imefungwa

Wakati mwingine linki ni ya bulu, inafinyika, na bado mtu hafiki. Hapa kuna sababu mbili kubwa katika mikoa ya mashariki.

Ya kwanza ni forfe. Mtu mwenye forfe ya mitandao ya kijamii peke yake anaona WhatsApp ao Facebook bila shida. Akifinya linki inayotoka nje ya mtandao huo, navigeta inafunguka nyeupe na kuzunguka mpaka anachoka, kwa sababu forfe yake haifiki huko. Ili kujua, ajaribu kufungua tovuti nyingine yoyote. Nazo zikikataa, linki haina kosa: ni mega za kawaida ndizo zinazohitajika. Ndiyo sababu tangazo zuri linabeba habari za lazima ndani ya video na ndani ya maandishi yenyewe, yaani tarehe, fasi, bei na namba ya simu, na linki inabaki nyongeza.

Sababu ya pili ni ruhusa. Hati iliyo kwenye Google Drive inazaliwa ikiwa imefungwa kwa mwenyewe tu. Asipobadilisha, kila anayefinya anaambiwa aombe ruhusa. Ni lazima mwenye hati aingie kwenye Partager na achague «Tous les utilisateurs disposant du lien». Fomu ya Google nayo ina mtego wake: ikiwa ndani yake umeomba mtu aambatanishe faili, kwa mfano picha ya kitambulisho, basi fomu itamlazimisha kila mtu kuingia kwanza na akonti ya Google. Kijana aliyeazima simu ya kaka yake ataishia hapo. Afadhali fomu iombe majina na namba ya simu tu, na karatasi zije siku ya kuonana.

Fasi zingine: TikTok, Instagram, Facebook na WhatsApp

TikTok ni kali kuliko wote. Linki ya nje iliyoandikwa kwenye maelezo ya video ao kwenye komanteri inabaki maandishi. Fasi ya linki ni kwenye profili, na hata hapo akonti ya mtu binafsi kwa kawaida inatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 kabla ya kupata kisanduku cha Site Web. Aliye na wafuasi 300 anayesema «linki iko kwenye profili» anaweza kuwa anasema ukweli, lakini wasikilizaji watakuta maandishi tu yasiyofinyika.

Instagram inafuata njia hiyohiyo kwa maelezo na komanteri: hakuna linki ya nje inayofinyika. Profili ndiyo fasi yake, na tangu Aprili 2023 mtu anaweza kuweka hapo linki mpaka 5. Kuna pia Stories. Zamani kuweka linki ndani ya Stories kulihitaji wafuasi 10,000 ao akonti iliyothibitishwa, lakini tangu Oktoba 2021 kibandiko cha linki kimefunguliwa kwa watu wote. Kasoro yake ni kwamba Story ya kawaida inapotea baada ya saa 24.

Facebook ni rahisi zaidi: linki kwenye chapisho na kwenye komanteri inafinyika. Inapokataa, mara nyingi ni kwa sababu anwani imetajwa na mfumo wao kuwa ya hatari ao ya kusambazwa ovyo, ama kwa sababu mwenye ukurasa amechuja komanteri. Mtu anayebandika linki moja ndani ya vikundi 15 kwa dakika 10 anafanana na tapeli machoni pa mfumo huo, hata kama nia yake ni njema.

WhatsApp inafungua linki kwenye mazungumzo na kwenye Statut. Lakini ujumbe ukitoka kwa namba usiyoijua, linki yake inaweza kubaki maandishi mpaka uihifadhi namba hiyo ao uijibu. Hiyo si hitilafu. Ni kizuizi kilichowekwa ili mtu asimame kidogo na kujiuliza huyu ni nani.

Mama wa Kasuku afanye nini

Kurudi kwenye mfano wa mwanzo. Video ni Short, linki haifinyiki, na tapeli ameingia kwenye komanteri. Kazi yake inaenda kwa mpangilio huu.

Kwanza afute komanteri ya tapeli, amzuie asiandike tena kwenye shene, kisha yeye mwenyewe aandike komanteri na kuifunga juu, akisema waziwazi: mafunzo ni ya bure, hakuna mtu anayepokea pesa kwa niaba ya kikundi. Maneno hayo hayahitaji linki ili kufanya kazi.

Nyuma ya pale aingie kwenye ukurasa wa shene yake na aongeze linki ya fomu kwenye profili. YouTube inaruhusu linki mpaka 14 pale, na ya kwanza inaonekana karibu na jina la shene. Kwenye maelezo ya Short aandike jina la shene yake kwa alama ya @, ambalo linafinyika, na aeleze: finya jina hili, fomu iko kwenye ukurasa wa shene. Kwa mtazamaji hizo ni hatua mbili badala ya moja, lakini hatua zote mbili zinafunguka.

Kisha aweke video ileile mara ya pili, sasa ikiwa na umbo la kulala, na linki ya fomu ikiwa mstari wa kwanza wa maelezo. Shene yake ikiwa imefika ngazi ya tatu, linki itakuwa ya bulu, na anaweza kuambatanisha video hii na ile Short, kwa sababu uambatanishaji huo nao unataka ngazi hiyohiyo. Ikiwa haijafika, asipoteze siku kupambana na YouTube. Linki aipeleke WhatsApp na Facebook, fasi ambapo itafunguka leoleo.

Mwisho, kabla ya kutangaza kwa watu, aazime simu ambayo haikuingia kwenye akonti yake, afungue video kama mgeni, afinye, na ajaze fomu mpaka mwisho. Jaribio la dakika tano lingemwonyesha tangu mwanzo kwamba mlango haupo.

Linki inapokataa, mtazamaji afanye nini

Kwa anayetazama, linki isiyofinyika si ruhusa ya kuifuata ile nyingine iliyowekwa na mtu mwingine chini yake. Matapeli wanajua kwamba linki za Shorts hazifunguki. Ndiyo maana siku hizi wanaacha namba ya WhatsApp ao jina la Telegram badala ya linki, kwa sababu namba haihitaji mlango. Mtu aende kwanza kwenye ukurasa wa shene iliyotoa video, aangalie linki iliyo karibu na jina, na akikosa, apige kwenye namba iliyosemwa ndani ya video na mwenye tangazo mwenyewe.

Na linki ikifunguka, isomwe kabla ya kujaza kitu. Sehemu inayoonyesha mwenye ukurasa ni ile iliyo nyuma ya https:// mpaka kwenye mstari wa kwanza wa mshazari, na ndani ya sehemu hiyo ni maneno ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Tazama hii:

```
https://youtube.com.zawadi.example/ingia
```

Neno YouTube limeandikwa hapo mwanzo, lakini ukurasa si wa YouTube. Mwenyewe ni zawadi.example, na jina lililotangulia amelibandika tu ili macho yadanganyike. Ukurasa wa namna hiyo ukiomba namba ya siri ya simu, code iliyotumwa kwa SMS, ao pesa za fomu, jibu ni moja: kuufunga, na kumwarifu mwenye video ili aifute linki hiyo kabla jirani mwingine hajaifinya.